Neno Moja kwa Muuza Pembejeo

Ujumbe uliingia jioni, mwishoni mwa Agosti, kwenye simu ya duka la pembejeo pale Kibaigwa, mji wa soko la mahindi ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Dodoma. Ulikuwa na neno moja: "Unga." Hakukuwa na salamu wala jina, na namba haikuwa imehifadhiwa kwenye simu ya duka.

Kijana wa dukani alicheka. Duka lao linauza mbegu, mbolea, pampu za kupulizia na dawa za mimea na mifugo. Unga wa sembe na dona unauzwa kibanda cha tatu kutoka pale. "Huyu kakosea namba, mama," alisema, akataka kufuta. Mwenye duka akamwambia aache kwanza. Ndiye aliyenisimulia mkasa huu. Ninausimulia tena katika safu hii kwa sababu namna alivyoufungua ujumbe ule ni kazi ambayo maofisa wengi wa hifadhi ya nafaka, nikiwamo mimi, tungeifanya kwa haraka mno.

Alianza na lililo karibu. Namba ya simu ya duka lake haipo kwenye bango lolote barabarani. Imepigwa muhuri kwenye stakabadhi na kwenye mifuko ya karatasi anayofungia bidhaa. Kwa hiyo aliyekuwa nayo alikuwa na karatasi ya duka hilo mkononi, au alipewa namba na mtu mwenye karatasi hiyo. Mtu wa namna hiyo hakosei duka la pembejeo akidhani ni la nafaka. Unga wa ugali ukaondoka kwenye orodha.

Yakabaki mambo matatu. La kwanza ni chakula cha kuku, lakini wateja wake huita pumba, mashudu au chakula cha vifaranga, si unga. La pili lilikuwa na uzito zaidi: wakulima wa kule hugawa dawa makundi mawili, ya maji na ya unga. Ya maji huchanganywa kwenye pampu na kupuliziwa shambani, ya unga hupakwa kwenye nafaka. Mwishoni mwa Agosti wilayani Kongwa hakuna cha kupulizia. Mvua huanza Desemba hivi na kuisha Aprili, mahindi huvunwa Mei mpaka Julai, na baada ya hapo mashamba ni mabua matupu. Kila anayetafuta dawa ya mahindi mwezi huo anaitafutia ghala. Kijana alikuwa ameshaanza kuandika bei ya vumbi la gramu 200.

Hapo ndipo wauzaji wengi wangeishia, na si vibaya sana: mteja ametaja kitu, kitu kipo rafuni, bei inatumwa. Mwenye duka alikuwa na hoja moja iliyomzuia. Anayenunua dawa ya unga huinunua Juni, mahindi yanapopukuchuliwa na kuingia guniani. Mtu anayeikumbuka miezi miwili baadaye ana jambo. Ama hakuweka kabisa, ama aliweka ikashindwa, na hayo mawili hayatibiwi sawa.

Jambo la tatu lililobaki ni kwamba neno lile huenda halikuwa jina la bidhaa. Huenda lilikuwa jina la kitu alichokiona.

Akaandika swali fupi: "Unga unatoka wapi?" Nimelifikiria sana swali hilo tangu aliponisimulia. Mtu aliyekosea namba angelishangaa na kueleza kwamba anataka kilo mbili za sembe. Aliyetaka dawa angesahihisha: ya mahindi, ya gunia kadhaa. Aliyeona kitu nyumbani kwake angelijibu moja kwa moja. Na mtu asiyependa au asiyeweza kuandika mengi anaweza kulijibu kwa maneno mawili matatu, jambo lisilowezekana ukimuuliza "unahitaji bidhaa gani na kiasi gani".

Usiku ulipita kimya. Asubuhi jibu likaja: "Chini ya gunia."

Kwa anayeijua nafaka, maneno hayo matatu yanasema mengi. Mahindi yaliyohifadhiwa hushambuliwa na wadudu wengi, lakini wawili ndio wanaokutia umaskini. Fukusi, yule mwenye mdomo mrefu kama mkonga, hutaga yai ndani ya punje. Kiluwiluwi hula humo humo, na mdudu mzima hutoka kwa tundu la mviringo. Fukusi huacha matundu na vumbi kidogo. Dumuzi hafanyi hivyo. Yeye hutoboa punje kwa punje, huchimba mifereji, na anachokitema ni zaidi ya anachokila. Gunia lenye dumuzi ukiliinua linaacha chini rundo la unga mweupe, laini, kama umemwaga kibaba. Mwenye duka alipoona "chini ya gunia" alimwambia kijana afute ile bei.

Dumuzi si mwenyeji wetu. Kwao ni Amerika ya Kati, na huku aligunduliwa kwanza mkoani Tabora, ambako uharibifu wake ulithibitishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alienea kwa magunia yanayosafirishwa, akaingia Kenya, na upande wa magharibi wa Afrika aliingia Togo kwa njia yake mwenyewe. Watu wamempachika majina kadri ya machungu yao: kuna wanaomwita Skania, na kwa Wakenya wapo waliomwita Osama. Utafiti wa miaka ile ya mwanzo hapa Tanzania ulikuta mahindi ya magunzi yamepoteza zaidi ya asilimia 30 ya uzito ndani ya miezi michache tu. Kwa mkulima mwenye magunia saba hayo ni kama kuamka Desemba na kukuta mawili hayapo.

Tabia yake moja inawaponza watu wa Dodoma hasa. Fukusi hapendi nafaka kavu, na ukame wa kule humpunguza kasi. Dumuzi anaweza kuishi na kuzaana kwenye mahindi makavu sana, yenye unyevu wa asilimia 9 hivi, na anaishi pia kwenye miti. Nguzo ya ghala, fito za kihenge, hata kuni zilizoegeshwa ukutani zinaweza kumtunza kutoka mavuno mpaka mavuno. Mkulima anayejiambia kwamba mahindi yake yamekauka vizuri, kwa hiyo yako salama, anasema kweli kuhusu fukusi tu.

Mwenye duka akapiga simu. Aliyeipokea alikuwa mtoto wa shule, akaipeleka kwa bibi yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwenye duka la dawa?"

"Ndimi, bibi. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, ila mahindi yananimaliza. Nilimwambia huyu mjukuu akuandikie. Kaandika?"

Alikuwa ameandika. Bibi alikuwa amesema sentensi ndefu, mtoto akachagua neno aliloona ndilo lenye uzito. Simu ilikuwa ya mama yake mtoto, ambaye yuko Morogoro na huituma nyumbani akipata mtu. Namba ilitoka kwenye mfuko wa karatasi wa jirani aliyenunua mbegu msimu uliopita.

Mwenye duka hakuuliza bibi anataka dawa gani. Aliuliza maswali manne kwa utaratibu, akasubiri kila jibu likamilike, ingawa bibi alikuwa akizunguka kupitia habari za mvua na za mkwe. Mahindi ni magunia mangapi na yamekaa wapi? Yalivunwa lini, na kabla ya kuingia guniani yalikaaje? Umeshaweka nini? Na mahindi haya ni ya kula, ya kuuza au ya mbegu?

Magunia yalikuwa saba, ya debe sita kila moja, yote ya kula. Yalivunwa Juni, yakakaa mwezi mzima kwenye kihenge yakiwa na magunzi yake, ndipo yakapukuchuliwa. Sasa yako ndani ya nyumba, kwenye chumba wanacholala wajukuu wawili, mawili kati yake yameegemea ukuta wa miti na udongo. Dawa aliweka. Jirani alimwachia pakiti moja iliyobaki, akainyunyiza mdomoni mwa kila gunia kabla ya kushona.

Halafu, katika jibu hilo hilo la tatu, bibi akaongeza jambo ambalo mwenye duka alisema lilimfanya asimame. Wiki iliyopita, mnadani, alinunua vidonge viwili vilivyofungwa kwenye nailoni. Muuzaji alimwambia kimoja kinatosha magunia matatu. Alikuwa anangoja kwanza dawa ya unga, aviweke vyote pamoja.

Vidonge hivyo ni aluminiamu fosfaidi. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua wadudu wa kila hatua, hata waliomo ndani ya punje, na huua mtu kwa namna hiyo hiyo. Hutumika chini ya turubai lisilopitisha hewa, nje ya makazi, na mtu aliyefundishwa, kisha nafaka inapewa muda wa kupumua. Gunia la kawaida linapitisha hewa, kwa hiyo gesi ingetoka na kujaa chumbani usiku, wadudu wengi wakabaki na watoto wakaivuta. Na kidonge kilichotolewa kwenye kopo lake na kufungwa nailoni kimekwishaanza kutoa gesi tangu mnadani. Kinaweza kuwa kimechoka kiasi cha kutoua dumuzi, na bado kikawa na nguvu ya kumdhuru mtoto aliyelala karibu. Ukishindwa kukijua kwa macho, harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza ni ishara, ila usiingoje: gesi inaweza kuwapo isinuke.

Alimwagiza bibi mambo machache tu, na akamtaka mtoto ayarudie kwenye simu. Vidonge visifunguliwe, viwekwe nje ya nyumba mahali pakavu pasipofikika na mtoto wala mnyama. Visitupwe chooni, majini wala motoni. Afisa ugani wa kijiji aitwe avichukue. Usiku huo watoto walale chumba kingine. Kisha akaomba atumiwe, kwa bodaboda anayeshuka Kibaigwa kila siku, makopo mawili: moja la mahindi yaliyochotwa katikati ya gunia, si juu, na jingine la ule unga.

Angeweza kuamini simu. Lakini unga chini ya gunia unaweza pia kuwa chenga za kupukuchua vibaya, au vumbi la dawa lenyewe lililochujuka, na bibi mwenye macho ya miaka sabini hawezi kulaumiwa kwa kutotofautisha. Makopo yalipofika, alimwaga mahindi kwenye sinia jeupe juani. Wadudu wakaanza kutembea. Wengi walikuwa weusi-kahawia, wenye urefu wa milimita 3 mpaka 4, mwili wa mcheduara. Ukimtazama dumuzi kwa juu huoni kichwa, kimefichwa chini ya kifua, na nyuma yake imekatika wima kana kwamba imepitishwa kisu. Walikuwapo pia fukusi wachache, wenye mkonga. Akajaribu unyevu: mahindi theluthi moja ya chupa kavu ya soda, vijiko viwili vya chumvi kavu, akatikisa dakika chache, akaiacha itulie. Chumvi haikushika kwenye kioo. Mahindi yalikuwa makavu vya kutosha.

Dawa ilishindwa kwa nini? Hili ndilo swali ambalo muuzaji anayetuma bei halifikii. Vumbi la nafaka lililozoeleka huku lina viini viwili, pirimifosi-metili asilimia 1.6 na pemethrini asilimia 0.3. Cha kwanza kinamweza fukusi lakini dumuzi hakimsumbui sana; cha pili ndicho kinachomuua dumuzi. Ndiyo maana viko pamoja, na ndiyo maana pakiti yenye kimoja tu haifai ghala la Kongwa hata ikiwa halisi. Lakini viini vyote viwili hufanya kazi kwa kuguswa: mdudu lazima atembee juu ya punje iliyopakwa. Lebo nyingi za kundi hili hutaka karibu gramu 100 kwa gunia la kilo 100, zimwagwe juu ya mahindi yaliyotandazwa na kuchanganywa kwa koleo mpaka kila punje ishike vumbi. Bibi alikuwa na pakiti moja, nayo si nzima, kwa magunia saba, na akaiweka mdomoni. Dumuzi wa katikati ya gunia hakuwahi kukutana nayo.

Halafu kuna ule mwezi wa kihenge. Dumuzi hupenda gunzi kuliko punje zilizolegea, maana gunzi humpa pa kujikita anapotoboa. Aliingia akiwa kwenye fito, akazaana kwenye magunzi, na mahindi yalipopukuchuliwa mayai na viluwiluwi vilikuwa vimeshafichwa ndani ya punje. Vumbi haliwafikii waliomo ndani, linangoja watoke. Hata kama bibi angechanganya ipasavyo Julai, angeanza vita akiwa amechelewa.

Kumbe basi kuongeza vumbi Agosti kungefanya nini? Kungeua wanaotembea, kungewaacha waliomo, na kungelimbikiza dawa juu ya dawa kwenye chakula cha watoto ambacho kinaanza kusagwa wiki hiyo. Mwenye duka alikuwa na katoni nzima ya vumbi hilo nyuma yake. Hakuuza hata pakiti.

Aliuza mifuko mitano ya tabaka tatu, ile ambayo Tanzania wengi wanaiita kinga njaa, iliyokuwa na bei ya shilingi 5,000 hivi kwa mmoja. Ilitokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Purdue nchini Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati huo kwa ajili ya kunde. Ndani kuna mifuko miwili ya plastiki nzito, nje kuna gunia la kawaida la kushikilia uzito. Ukiifunga, wadudu na nafaka yenyewe huvuta oksijeni iliyomo mpaka inapungua. Ndani ya siku chache wadudu wanaacha kula, kisha wanakufa kwa kukauka. Haihitaji dawa, na inawafikia waliomo ndani ya punje, kwa kuwa nao wanapumua.

Ina udhaifu mmoja ambao muuzaji mwaminifu huusema. Dumuzi ana meno ya kutoboa mti, na plastiki anaiweza. Ukijaza mfuko mahindi yaliyojaa dumuzi wazima, wengine watautoboa kutoka ndani kabla hewa haijaisha. Kwa hiyo kabla ya kufunga lazima uwapunguze, na hapa ndipo maelekezo yalipochukua muda mrefu kuliko mauzo.

Mahindi yalimwagwa gunia kwa gunia nje ya nyumba, yakachekechwa kwa chekeche ya matundu madogo, kisha yakaanikwa juu ya turubai jeusi, tabaka jembamba, saa za jua kali. Dumuzi wazima hukimbia joto, na kuku wakijipanga pembeni unaweza kudhani umepata msaada wa bure. Mwenye duka alisema kuku wazuiwe. Vumbi la dawa, hata lile kidogo alilonyunyiza bibi, hushikamana na unga na chenga kuliko punje, na wadudu wenyewe wamelitembelea. Vilivyochekechwa visiliwe na mtu wala kuku, vizikwe mbali na kisima. Bibi hakupenda hata kidogo. Ulikuwa unga wa kujaza ndoo mbili, na mtu aliyekulia miaka ya njaa haziki unga kirahisi. Aliyemshawishi ni mjukuu, kwa kumsomea tena maandishi ya pakiti ile ya jirani, iliyokuwa bado imechomekwa ukutani.

Punje zenye ukungu au zilizobadilika rangi zilichaguliwa na kutupwa pia. Hilo halikujadiliwa sana, kwa kuwa mwaka 2016 sumu ya kuvu kwenye mahindi iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kule habari hizo bado zinakumbukwa. Dumuzi haleti sumu hiyo yeye mwenyewe, ila punje iliyotobolewa ni mlango wazi kwa kuvu pindi unyevu unapopanda.

Magunia saba yalitoa mifuko mitano iliyojaa na debe tisa za mahindi yaliyotobolewa lakini safi. Hizi debe tisa zilibaki nje ya mifuko, zioshwe na kusagwa kwanza. Mifuko ilijaribiwa kwa kupulizwa hewa na kubanwa, kusikiliza kama inavuja. Mahindi yakajazwa na kushindiliwa hewa itoke, mfuko wa ndani ukasokotwa, ukakunjwa na kufungwa kwa kamba peke yake, kisha wa pili, kisha gunia la nje. Ilipangwa juu ya chaga za mbao za msonobari zilizokuwa mpya, mbali na ule ukuta wa fito, na bibi akaambiwa asifungue hata mmoja kabla ya mwezi kupita.

Kuhusu kihenge, mwenye duka alimweleza afisa ugani alipofuata vidonge: fito za zamani zichomwe kabla ya mavuno yajayo, na mahindi yapukuchuliwe mara yanapokauka badala ya kungojeshwa na magunzi. Bibi alikubali la pili. Kuhusu fito alisema zilikatwa na marehemu mumewe, zitakaa.

Mwenye duka ameandika kwenye daftari lake, ukurasa wa Juni, jina la kijiji hicho na namba ya simu ya mama wa Morogoro, na mbele yake: vumbi gramu 700, lichanganywe kwa koleo, pigia kabla hawajashona magunia.